Mstari wa Ishirini na Mbili

Siku ya kufunga shule simu yangu ilitikisika mezani kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai. Ilikuwa picha. Mwalimu wa darasa la sita alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kijijini kumzika baba yake mdogo, na karatasi ya alama za darasa lake ilikuwa imebaki ndani ya mkoba wake. Alikumbuka akiwa njiani. Gari liliposimama watu wanunue maji, alishuka, akaikunjua karatasi juu ya boneti, akaipiga picha. Chini ya picha aliandika: "Nisamehe dada. Jumlisha, tafuta wastani, panga nafasi. Wazazi wanakuja saa sita."

Nilimpigia nimpe pole. Simu haikupatikana.

Shule yetu iko kwenye mteremko wa Makindye, karibu na kambi ya jeshi kiasi kwamba kengele yetu na tarumbeta yao hugombania asubuhi. Nusu ya watoto ni wa askari. Wanakuja na kuondoka kadiri baba au mama anavyohamishwa. Unamzoea mtoto muhula mmoja, muhula wa pili dawati lake lina mtu mwingine. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimewafundisha Hesabu watoto hawa wakiwa darasa la tano. Ndiyo maana kazi ilinijia mimi. Hiyo, na kompyuta ya shule, ambayo walimu wengine waliikwepa kama mbwa asiyejulikana tabia.

Niliketi kwenye kona ya chumba cha walimu, mgongo ukutani. Naibu mwalimu mkuu alikuwa ameshapanga ripoti tupu mezani, arobaini na tatu, pamoja na tano za akiba. Ripoti zetu huandikwa kwa mkono, kwa wino. Naibu alikuwa na sheria moja iliyojulikana hata na wazazi: ripoti yenye kufutwafutwa ni ripoti ya kughushi.

"Fundi wa namba," aliniambia, "saa nne nataka kuanza kuandika."

"Utaanza saa tatu na nusu, madamu."

Nilikuwa najigamba. Lakini kazi yenyewe si ngumu, na huwa napenda kumweleza mtu yeyote anayedhani ni uchawi. Karatasi ya alama ni shamba lililogawanywa. Kila mtoto ana mstari wake unaokwenda kulia. Kila somo lina safu yake inayoshuka chini. Masomo ni manne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi, Maarifa ya Jamii. Unajumlisha mstari, unapata jumla ya mtoto katika mia nne. Unagawa kwa nne, unapata wastani. Kisha unawapanga kwa jumla kutoka kubwa hadi ndogo. Wawili wakilingana kwenye nafasi ya kumi na moja, wote ni wa kumi na moja, na anayefuata anakuwa wa kumi na tatu, kwa sababu watu kumi na wawili wameshampita. Ni hayo tu. Mtoto wa darasa la tano anaweza, na wangu waliweza.

Majina sikuyatoa kwenye picha. Nilikuwa nayo tayari kwenye kompyuta, kutoka daftari la mahudhurio, mpangilio ule ule. Kwa hiyo niliikuza picha kwa vidole viwili na kusoma namba tu, safu kwa safu, kutoka juu kwenda chini. Kiingereza kilikwenda vizuri. Hesabu vizuri. Sayansi ilikuwa safu ya tatu. Pale picha ilikuwa na kivuli kidogo, karatasi ilikuwa imekunjwa mkobani, lakini namba zilisomeka. Nilishuka: 55, 48, 80, 62. Nilipofika chini, namba ziliisha kabla ya majina. Mtoto wa arobaini na tatu, wa mwisho kabisa, alibaki na kisanduku kitupu.

Nilimjua kwa sura tu, kwa kuwa sikuwa nimemfundisha. Alikuwa msichana aliyehamia kwetu muhula wa pili, na jina lake liliongezwa kwa kalamu chini ya orodha, nje ya mpangilio wa alfabeti. Baba yake alikuwa sajini. Nilidhani siku ya Sayansi aliugua, au hakuja. Kwenye kisanduku chake niliweka kistari, alama yetu ya mtoto ambaye hakufanya mtihani.

Kompyuta ilimpa wastani wa 57. Hapo nilisita, kwa sababu nilijua ilichofanya: kisanduku kisicho na namba inakiruka. Ilichukua 61 ya Kiingereza, 52 ya Hesabu na 58 ya Maarifa ya Jamii, ikapata 171, ikagawa kwa tatu. Shule yetu haihesabu hivyo. Mtihani usioufanya hauna alama, lakini unahesabika, vinginevyo kila mtoto angeugua siku ya somo asilolipenda. Nilibadilisha nikagawa kwa nne. Ikawa 42.75. Nafasi ya arobaini na tatu kati ya arobaini na tatu.

Nilimpigia tena mwalimu wa darasa, ambaye ndiye pia anayewafundisha Sayansi. Haikupatikana.

Kisha nilifanya ukaguzi ninaowafundisha watu kila mwaka. Nilijumlisha jumla zote za watoto, kushuka chini. Nikajumlisha pia kila safu ya somo, nikaziunganisha safu nne. Majibu mawili lazima yawe sawa, kwa sababu ni shamba lile lile ulilolitembea kwa njia mbili. Yalikuwa sawa. Nilipumua.

Naibu alikuja na kiti chake tukaanza kuandika, yeye ripoti za juu ya rundo, mimi za chini. Tulikuwa tumefika mbali aliponiita.

"Huyu hapa! Wa tisa!" Alicheka akipiga meza. Alimtaja mvulana wa namba arobaini na mbili, mtoto mchangamfu ambaye Sayansi ilikuwa inamtoa jasho tangu darasa la kwanza. "Sabini na nne ya Sayansi! Bambi, maskini, kumbe alikuwa amelala tu, sasa ameamka."

Nilicheka pia. Lakini kalamu yangu ilisimama. Niliangalia ile 74. Nilijiambia watoto hukua. Nikaendelea kuandika, na kila nilipomaliza ripoti moja macho yalirudi kwake yenyewe. Niliinuka, nikafungua dirisha, nikakaa. Nikainuka tena nikalifunga kwa sababu ya vumbi.

"Una nini wewe?" naibu aliuliza. "Unatembeatembea kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sijui, madamu."

Saa tano mlango uligongwa, saa nzima kabla ya wakati. Alikuwa mama wa yule msichana wa mwisho, leso imefungwa kiunoni kama mtu aliyekuwa akibeba mizigo, na binti yake nyuma katika sare iliyopauka.

"Mwalimu, samahani," mama alisema. "Najua saa bado. Tumepata uhamisho, tunakwenda kaskazini. Lori la jeshi linaondoka saa saba, vitu viko juu tayari. Niombe tu ripoti ya mtoto."

Naibu alinitazama. Niliitoa ripoti kwenye rundo nikampa mama kwa mikono miwili. Ningependa kusema nilimwandaa kwanza kwa maneno mazuri. Sikumwandaa.

Aliisoma akifuata kwa kidole. Kidole kilipofika kwenye wastani kilisimama.

"Hii namba ni ya mtoto yangu ama ya mtu mwingine?"

"Ni yake, mama. Hakufanya Sayansi, ndiyo maana imeshuka."

"Hakufanya?" Aligeuka kwa binti yake, kisha kwangu. "Mwalimu, kule tunakwenda shule ni moja tu karibu na kambi. Nimeongea na mkubwa wao kwa simu. Amesema darasa la saba watamchukua akiwa na sitini. Sitini, si hamsini na tisa. Chini ya hapo anarudia la sita. Na huyu ameshalirudia la nne kwa ajili ya uhamisho. Atamaliza lini? Akiwa na meno ya bibi?"

Msichana aliangalia viatu vyake. Alisema, kwa sauti ambayo ilibidi niinamie kuisikia, "Niliifanya. Mwalimu alinirudishia karatasi. Nilipata sabini na nne."

Naibu alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa ameshayasikia mengi mlangoni pale. "Mwanangu, karatasi ya mwalimu inasema hukufanya."

Hapo ndipo niliposhtuka. Karatasi ya mwalimu haikuwa imesema hivyo. Mimi ndiye niliyeweka kile kistari. Kwenye picha hakukuwa na kistari chochote. Kulikuwa na namba zilizoisha mapema, na mimi nikazimalizia kwa maelezo yangu.

"Iko wapi hiyo karatasi yako?" nilimuuliza.

"Mama amefungia sahani."

"Nimefungia sahani," mama alikubali, akishika kichwa. "Iko kwenye boksi. Boksi liko kwenye lori."

"Bila karatasi siwezi kubadilisha ripoti," naibu alisema. "Neno la mtoto na neno la wino si sawa, mama. Tuelewane."

"Kale, sawa. Nakwenda." Mama alikuwa ameshageuka. "Wewe kaa hapa na mwalimu. Usitoke. Lori likija kunitafuta, waambie sijafa." Tukasikia pikipiki ikiitwa kwa mluzi pale getini.

Msichana aliketi kwenye benchi, mikono chini ya mapaja. Nilirudi kwenye kompyuta. Nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya saa mbili kabla. Nilitafuta 74 kwenye safu ya Sayansi. Ilikuwapo moja tu, darasa zima. Ilikuwa kwenye mstari wa arobaini na mbili, kwa mvulana wetu aliyeamka.

Ilikuwa mstari mmoja tu juu ya kisanduku kitupu.

"Njoo hapa," nilimwambia msichana. Alikuja akasimama begani kwangu. "Chukua hii rula. Nataka unisaidie kuona kitu."

Tuliikuza picha ile tena. Sasa sikuiangalia kwa kushuka. Niliiangalia kwa kwenda kulia, mstari mmoja mmoja, tukiweka rula juu ya kioo cha simu. Picha ilikuwa imepigwa upande kidogo, hivyo rula ilibidi ilale mshazari kufuata mstari. Mstari wa kumi na tisa: namba nne. Wa ishirini: nne. Wa ishirini na moja: nne. Wa ishirini na mbili: Kiingereza kipo, Hesabu ipo, Maarifa ya Jamii ipo. Kwenye Sayansi palikuwa na ukanda mweusi mwembamba, kama ukope uliofumbwa. Karatasi ilikuwa imejikunja pale, na mkunjo ulikuwa umeimeza namba moja nzima. Chini ya ukanda ule namba za safu zilikaribiana kiasi kwamba jicho lililokuwa likishuka haraka lisingeona pengo.

"Umeona?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Ya ishirini na mbili imejificha."

"Imejificha. Na mimi nikampa wa ishirini na mbili namba ya nani?"

"Ya ishirini na tatu."

"Na wa ishirini na tatu?"

"Ya ishirini na nne." Kisha uso wake ulifunguka polepole, akaanza kuhesabu kwa midomo, mpaka mwisho. "Na yangu akapewa huyu wa juu yangu. Mimi nikabaki bila."

Sijawahi kuwa na mwanafunzi aliyelielewa kosa langu haraka namna hiyo. Niligeuka nikamwita naibu. Nilimweleza jambo lililokuwa likiniuma zaidi: kwamba ukaguzi wangu ulikubali. Namba zote zilizosomeka zilikuwa ndani ya shamba, kwa hiyo jumla za kwenda chini na za kwenda kulia zililingana kabisa. Ukaguzi ule unajua kama umekosea kujumlisha. Haujui kama umempa mtoto huyu jasho la mtoto yule. Ningehesabu tu idadi, namba arobaini na mbili kwa majina arobaini na matatu, kisha nikauliza *ni nani* aliyekosa badala ya kuamua ni wa mwisho, mama yule asingekuwa barabarani.

Naibu alivua miwani. "Watoto wangapi?"

"Ishirini na wawili wana alama mbovu ya Sayansi. Lakini nafasi ni za wote, madamu. Wa kwanza ishirini na moja kwenye orodha jumla zao ni sahihi, ila waliowapita au waliopitwa nao wamebadilika."

"Na nimeshaandika zote."

"Tumeshaandika zote."

Alitazama zile ripoti tano za akiba, halafu akatazama saa. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Dirishani wazazi wa kwanza walikuwa wakisogea kivulini.

Nilizisukuma alama za Sayansi chini kisanduku kimoja kimoja kuanzia wa ishirini na mbili. Sabini na nne ikashuka mahali pake. Kwa yule mvulana ikaja 39 iliyokuwa juu yake, na nikaitambua mara moja, kama mtu unayemtambua kwa mwendo. Jumla yake ilitoka 279 ikawa 244. Sasa ni mstari wa ishirini na mbili uliokuwa mtupu, na bila namba yake nafasi za darasa zima zilikuwa za kubahatisha. Hata nafasi ya msichana huyu sikuweza kuiandika. Nilimpigia mwalimu wa darasa. Ikaita ikakatika. Nilipiga tena. Nikatoka nje, nikapiga nikiwa nazunguka bomba la maji. Mara ya tano aliitika, akinong'ona, nyuma yake watu wakiimba.

"Dada, tuko kaburini."

"Pole sana, kaka. Nisamehe. Neno moja tu. Ikunjue karatasi. Mstari wa ishirini na mbili, Sayansi."

Nilisikia karatasi ikikwaruza. Nilimsikia mtu akimkemea. "Sitini na saba," alinong'ona. "Kwani kuna nini?"

"Nitakueleza. Mzike mzee."

Nilirudi ndani nikaiingiza. Nikahesabu namba za kila safu: arobaini na tatu, mara nne. Nikapanga upya. Mama alikuwa hajarudi.

Saa sita ilipita. Wazazi walianza kuulizana. Naibu alitoka akawaambia kuna kosa la hesabu, la kwetu, na kwamba wanaoweza kukaa wakae. Mzee mmoja alipaza sauti, "Madamu, ninyi mnawafundisha watoto hesabu au wao ndio wanawafundisha?" Watu wakacheka, naibu akacheka nao, akarudi ndani midomo imekauka. Tulikaa tukarekebisha. Alivunja sheria yake mwenyewe: mstari mmoja juu ya namba ya zamani, mpya pembeni, saini yake, mhuri. Kila mhuri aliupiga kama anayeua mdudu. Ripoti safi tuliamua kuwawekea wanaohama.

Msichana hakuweza kukaa. Alikwenda dirishani, akarudi. Saa sita na nusu honi nzito ililia upande wa kambi, ndefu, na sote watatu tukainua vichwa.

"Njoo ujumlishe ya kwako," nilimwambia, ili mikono yake ipate kazi. Nilimpa kipande cha karatasi. Aliandika 61, 52, 74, 58, moja chini ya nyingine, akizipanga vizuri makumi chini ya makumi. 245. Aligawa kwa nne bila kuniuliza. Sitini na moja, ikabaki moja. Alisita, akaongeza nukta, akaendelea: 61.25. Aliangalia jibu bila kutabasamu, kana kwamba likionekana limefurahiwa litaondoka.

Mama aliingia akihema, jasho usoni, leso imefunguka. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjamana yenye duara la sahani katikati. Juu yake, kwa wino mwekundu, 74.

"Nimefungua maboksi matatu," alisema. "Sahani moja imevunjika. Dereva ananitukana kwa lugha ambazo hata baba yake huyu hazijui. Haya, madamu. Neno la wino."

Naibu aliitazama mbele na nyuma, akaichukua ripoti safi, akaniwekea mbele yangu. Niliandika polepole, kwa sababu sikutaka kutumia ripoti ya pili. Jumla 245. Wastani 61.25. Nafasi ya 19. Naibu alipiga mhuri.

"Mama," nilisema, "kosa lilikuwa langu. Si la mwalimu wake."

Alifunga leso yake upya. "Mwalimu, wewe umekosea na umetafuta. Wengine wanakosea na wanafunga mlango." Alimshika binti mkono. Mlangoni msichana aligeuka.

"Na yule wa juu yangu? Amekuwa wa ngapi?"

"Wa ishirini," nilimwambia. "Nyuma yako kwa alama moja."

"Bambi," alisema, kwa huruma ya kweli, na wakakimbia.

Nilikaa mpaka saa tisa nikieleza. Kwa kila mzazi niliitoa picha, nikaonyesha mkunjo kwa ncha ya kalamu. Mvulana wetu nilimweleza mwenyewe, pembeni, kabla hajaisoma. Alisema alikuwa ameshangaa hata yeye, maana naibu alikuwa amempigia makofi kupitia dirisha na hakujua kwa nini.

Usiku huo na uliofuata sikulala vizuri. Nilijua tumeandika sawa. Sikujua kama kule wangeipokea.

Wiki ya pili ya likizo simu ilitikisika. Namba ngeni, picha bila salamu. Ilikuwa barua ya shule, imepigwa mshazari juu ya godoro, mkunjo katikati. Nilitafuta rula kabla sijatafuta miwani. Nilisoma mstari mmoja mmoja, kutoka juu, rula ikishuka, hata ile mistari ya anwani na vifaa vya kuja navyo, ndoo, fagio, mpaka nilipoufikia mkunjo na kuhakikisha kwamba maneno "darasa la saba" yalikuwa mstari mmoja na jina la yule msichana.